Krediti zangu 93 kutoka Washington kwenda Teksas: zipi zilihesabiwa, zipi zilikwama na kwa nini

Watu wakinipigia kuhusu kuhama chuo huku Marekani, swali karibu wote wanauliza hilo hilo, eti dada, chuo kipya kitapokea krediti zangu? Mi siku hizi nawajibu kwamba hilo ni nusu ya swali. Chuo kinaweza kupokea krediti zako karibu zote, zikaonekana kabisa kwenye akaunti yako, na bado ukaambiwa una miaka mitatu mbele yako, kwa sababu kupokelewa ni jambo moja na kuhesabiwa kwenye digrii unayosoma ni jambo lingine kabisa. Mimi nimelipitia hilo, na naandika kwa urefu kidogo maana nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikuona.

Nilisoma chuo cha miaka miwili kusini mwa Seattle, hivi vyuo vya jamii ambavyo Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wa kule Kent na Tukwila wanaanzia, ada yake nafuu na unaweza kusoma huku unapiga shifti. Nilianza na lengo la unesi. Baadaye mume wangu akapata kazi Dallas, tukahama na watoto, na mimi nikabadilisha lengo nikataka digrii ya sayansi ya maabara ya hospitali, wale wanaopima damu na kuotesha bakteria. Kwa hiyo nilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, chuo, jimbo na fani, na kila kimoja kina namna yake ya kula krediti.

Transkripti yangu ilikuwa na krediti 93. Barua ya chuo kikuu cha Teksas ilipokuja ikasema zimepokelewa saa 50, maana huku krediti za semesta wanaziita saa. Nilishtuka, ila hapo sehemu kubwa ya tofauti haikuwa hasara, ilikuwa ni hesabu tu. Vyuo vya jamii vya Washington vinakwenda kwa kota, yaani mwaka wa masomo umekatwa vipande vitatu, vuli, baridi na machipuko, kila kimoja kama wiki kumi na moja hivi. Teksas wanakwenda kwa semesta, mwaka umekatwa viwili. Krediti moja ya kota ni theluthi mbili ya saa moja ya semesta, kwa hiyo unachukua krediti zako unazidisha kwa 2 unagawa kwa 3. Krediti 93 zote zingepita ningekuwa na saa 62. Ukiona namba imeshuka hivyo usianze kugombana na mtu, piga hiyo hesabu kwanza ndo ujue kilichopotea kweli ni kipi.

Kilichokataliwa moja kwa moja ni krediti 18. Kumi zilikuwa za masomo ya maandalizi, kingereza cha kujiandaa na MATH 098, ile aljebra ya kabla ya hesabu za chuo. Hapa kuna kitu wengi hawaambiwi siku ya kwanza, kule Washington kozi yenye namba chini ya 100 haihesabiwi kama kozi ya ngazi ya chuo, unailipia, ina krediti, inaonekana kwenye transkripti, inakusaidia kweli kuelewa, lakini haihami. Nane nyingine ni za kozi ya unesi msaidizi, ile ya cheti cha kuhudumia wagonjwa na wazee. Hiyo ni kozi ya ufundi wa kazi, imeandikwa ili ukafanye kazi kesho yake, na cheti chake kilinilisha mimi na wanangu, sijutii hata senti. Lakini vyuo vikuu vingi kozi za aina hiyo havizichukui isipokuwa pawe na makubaliano maalum, sababu hawana kozi yao ya kuilinganisha nayo.

Basi zikabaki 75 za kota, ndo zile saa 50. Nikafurahi. Halafu nikafungua digrii odit.

Digrii odit ni ile ripoti kwenye mfumo wa chuo inayoonyesha kila hitaji la digrii yako na kozi gani imeliziba. Barua ya kukubaliwa haikuambii kitu, ripoti hii ndo inasema ukweli. Yangu ilionyesha kwamba kati ya zile saa 50, saa 23 tu ndo zimekaa mahali, nyingine 27 zimerundikwa chini kabisa kwenye kifungu cha kozi za hiari. Na digrii ya maabara haina nafasi ya hiari ya maana, kila saa kati ya 120 imeshapangiwa kazi yake. Kwa hiyo krediti zangu zilikuwepo, zimepokelewa kwa heshima zote, na hazifanyi kazi yoyote. Mfano saikolojia, nilisoma kozi mbili, moja iliziba hitaji la sayansi ya jamii, hitaji lenyewe ni saa tatu tu, basi ile ya pili pamoja na ya sosholojia zikakosa pa kukaa. Lishe nayo ambayo kwa unesi ni ya lazima, kwenye maabara hakuna aliyeiomba.

Iliyoniuma zaidi ni kemia. Nilisoma CHEM& 121, nikapata alama nzuri, na nikaona chuo kimeiweka kwenye hiari huku mstari wa kemia ya kwanza ukiwa mtupu. Nikamwandikia adivaiza, yule mshauri wa masomo, akaniambia hiyo si kemia yetu. Sikumwelewa mpaka nilipoweka silabasi mbili mezani, ya kwangu na ya kwao. CHEM& 121 ni kemia ya watu wa afya, inakupitisha juu juu kwenye atomi, vifungo, asidi na besi, miyeyusho, ndani ya kota moja. Kemia ya wanasayansi kule Washington inaanzia CHEM& 161, na ni mfululizo wa kota tatu, 161, 162, 163, humo ndo unakutana na hesabu nzito za mlingano wa kemikali, kasi ya mmenyuko, nishati, na hizo ndo mwalimu wa kemia ya kaboni atakudai siku ya kwanza kabla hata hujakaa vizuri. Niliirudia kemia ya kwanza kwao, na nasema kwa moyo mweupe walikuwa sahihi kunikatalia. Ningeruka pale ningezama huko mbele. Biolojia ilikuwa vile vile, BIOL& 160 ni ya kila mtu, wao walitaka ile ya wanaosomea biolojia.

Mikrobiolojia ilikwama kwa sababu tofauti, na hii inawapata watu wengi wanaotoka vyuo vya miaka miwili. BIOL& 260 ni kozi nzuri, tumepaka rangi bakteria, tumeotesha kwenye sahani, kila kitu. Lakini kwenye digrii yangu mikrobiolojia ni kozi ya mwaka wa tatu, namba yake inaanzia na 3, na chuo cha miaka miwili kwa kawaida kinafundisha ngazi ya mwaka wa kwanza na wa pili. Hata mada zikifanana kiasi gani, kozi ya ngazi ya chini haigeuki kuwa ya juu kwa sababu imehama. Digrii ina kiwango cha chini cha saa za ngazi ya juu lazima uzipate, na hizo kwa kawaida huwezi kuja nazo kutoka chuo cha jamii. Juu ya hapo vyuo vikuu vya kusini, Teksas ikiwemo, viko chini ya shirika la ithibati linalodai angalau robo ya krediti za digrii zisomwe kwenye chuo kinachokupa hiyo digrii. Kwa digrii ya saa 120 ni saa 30. Kwa hiyo hata ungekuja na gunia la krediti kuna mahali litafika mlangoni na kuachwa nje, na hapo adivaiza hana uwezo wa kukusaidia hata akikupenda vipi.

Sasa kuna ile ya serikali. Nilisoma POLS& 202, serikali ya Marekani, nikajua hitaji la siasa nimemaliza. Kumbe Teksas ina sheria ya jimbo, kila anayechukua digrii ya kwanza kwenye chuo cha umma lazima awe na saa sita za serikali, na ndani yake katiba ya Teksas iguswe, na saa sita nyingine za historia ya Marekani. Haijalishi unasoma maabara, uhandisi au muziki. Kozi yangu ya Washington iliziba nusu, ile ya serikali kuu, sababu hakuna mwalimu wa Kent atakayekufundisha katiba ya Teksas. Historia nayo nilikuwa na kozi moja, HIST& 148, ikaziba nusu. Hapa hakuna cha kukata rufaa, ni sheria. Nilichofanya nikaenda chuo cha jamii cha huku nikachukua GOVT 2306 majira ya joto kwa bei ndogo, ikahamia chuo kikuu bila swali, maana vyuo vya Teksas vina mfumo wao wa namba za pamoja na kozi hiyo inajulikana kwa namba ile ile. Ila kabla sijailipia nilimwomba adivaiza anithibitishie kwa imeili kwamba ikirudi itaziba ule mstari wa pili wa serikali, akanijibu ndiyo, imeili nimeitunza.

Na hii inanileta kwenye ile alama ya & ambayo watu wa Washington tunaiona kila siku kwenye namba za kozi. Maana yake ni kwamba kozi hiyo ni ya pamoja, ukiisoma chuo cha jamii kimoja cha Washington ukahamia kingine inatambulika bila maneno. Kuna pia ile digrii ya miaka miwili inayoitwa DTA, ukiimaliza yote, krediti 90, vyuo vikuu vya Washington vilivyo kwenye makubaliano hayo vinakuhesabu umeshamaliza masomo ya jumla kwa mkupuo. Ni kitu kizuri sana. Lakini makubaliano ni ya wale walioweka saini. Ukivuka mpaka wa jimbo alama ya & inakuwa kama nukta tu ya mapambo, Teksas hawana wajibu nayo, wanachukua kozi moja moja wanailinganisha na zao. Ndo maana mtu wa Seattle anaweza kukwambia mimi zote zilipita, na anasema kweli, na wewe zako zikakwama na chuo mlisoma kimoja.

Kuna kijana wa Kikenya nilikuwa naye kule, yeye alikuwa anasoma ile kemia kubwa, akamaliza 161 na 162, halafu akahamia chuo cha semesta kabla ya 163. Mfululizo wa kota tatu unalingana na semesta mbili, kwa hiyo yeye alikuwa na theluthi mbili ya mwaka, wakampa kemia ya kwanza tu, ile iliyobaki ikaelea kwenye hiari, na kemia ya pili akaisoma yote upya ikiwemo theluthi aliyokwisha isoma. Nimemwonea huruma sana sababu ilikuwa kota moja tu. Hesabu ya kalkulasi nayo ni hivyo, fizikia ni hivyo. Kama uko katikati ya mfululizo na una uwezo wa kusubiri, maliza mfululizo ndo uhame, hata kama kodi ya nyumba inakuuma.

Turudi kwangu, maana kuna moja nilishinda. Anatomia na fiziolojia, BIOL& 241 na 242, krediti tano tano. Kwa semesta kila moja inakuwa saa 3.33, wakati kozi ya Teksas ni saa 4, tatu za darasa na moja ya maabara. Aliyefanya tathmini kwenye ofisi ya rejista akaona namba haifiki, na kwenye transkripti hakuna neno maabara, akaziweka zote mbili kwenye hiari. Hapo niliona kabisa hawajatutendea haki, tulikaa maabara kila wiki, tulipasua macho ya ng'ombe na mioyo ya kondoo, tukafanya mtihani wa kutaja mifupa. Yule mtu wa rejista si mtaalamu wa biolojia, anaangalia kichwa cha kozi, namba na maelezo mafupi ya kwenye katalogi, na ana rundo la transkripti mbele yake. Kozi ya jimbo la jirani anaijua, ya Washington huenda hajawahi kuiona.

Kwa hiyo nikaomba tathmini upya. Fomu ipo, ila fomu haishindi kitu, kinachoshinda ni silabasi. Na isiwe silabasi yoyote, iwe ya kota ile ile uliyosoma, yenye mada za wiki kwa wiki, jina la kitabu, saa za maabara kwa wiki na orodha ya mazoezi ya maabara. Ya 241 nilikuwa nayo kwenye imeili, ya 242 nikaandikia ofisi ya kitengo cha sayansi cha chuo cha zamani, wakanitumia pidiefu, nawashukuru mpaka leo. Nikachukua silabasi ya chuo kipya nikatengeneza jedwali la ukurasa mmoja, upande huu mada yao, upande huu wiki tuliyoisoma sisi, mada baada ya mada. Chini nikaandika sentensi mbili tu, kwamba kozi hizi mbili kwa pamoja zinafunika mada zote za kozi zenu mbili, na maabara ilikuwa ya kuhudhuria ana kwa ana. Hiyo ya ana kwa ana ni muhimu, maana idara nyingi zina wasiwasi na maabara za onlaini na usipolisema wanaweza kudhani.

Halafu, na hapa ndo watu wengi wanakwama, usiiache ofisi ya adivaiza ukaamini inatembea yenyewe. Anayeamua ni mwalimu wa idara husika, kwangu ilikuwa idara ya biolojia. Niliuliza jina la anayeshughulikia, nikamwandikia kwa adabu, nikamwambia fomu yangu iko njiani na niko tayari kujibu swali. Aliuliza moja tu, kama tulifanya maabara ya mapafu na upumuaji, nikamwonyesha wiki yake kwenye silabasi. Zikapita zote mbili. Zile sehemu za saa zilizopungua hazikuleta shida kwenye hitaji lenyewe, kwa sababu idara ikishasema kozi hii ni sawa na yetu, hitaji linazibwa, ila zile saa zinabaki 3.33 kwenye jumla na unazifidia kwingine kufika 120. Kwa bahati mimi saa za ziada za hiari nilikuwa nazo tele.

Hapo nikatoka saa 23 nikafika 30 zinazofanya kazi kweli. Kati ya 62. Nilipoanza kufuatilia nikakutana na ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ya mwaka 2017, walisema waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani kama asilimia 43 ya krediti zao. Nilipoisoma nikakaa chini nikapumua, nikajua si kwamba mimi mgeni ndo nimeonewa, ni mfumo wenyewe.

Kitu cha mwisho ni hela, na hiki ndo kinachoumiza kimya kimya. Msaada wa masomo wa serikali, ule unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, una kikomo. Digrii ya saa 120 huwezi kuendelea kusaidiwa baada ya kujaribu saa 180, yaani mara moja na nusu. Chuo changu kilihesabu zile saa 50 zote zilizopokelewa kama nimeshazijaribu, pamoja na zile zilizolala kwenye hiari bila kazi. Maana yake nilianza Teksas nikiwa nimebakiwa na 130 za kujaribu huku nahitaji kama 90 kumaliza. Inatosha, lakini nafasi ya kufeli au kubadilisha fani tena si kubwa. Na ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, nayo ina ukomo wa maisha, sawa na semesta 12 za kusoma muda wote, na ulizotumia chuo cha kwanza hazirudi eti kwa sababu kozi zake hazikuhesabiwa. Kwa mtu aliyesoma kingereza cha maandalizi muda mrefu halafu akahama, hiki ni kitu cha kukaa na ofisi ya misaada ya fedha mkakipigia hesabu kabla hujajisajili kozi hata moja.

Binamu yangu yuko Ohio sasa hivi anataka kuhama, na nilichomwambia afanye ni kuchukua mpango wa digrii wa chuo anachokitaka, ule wa fani yenyewe na wa mwaka atakaoingia, aandike kila kozi yake mbele ya mstari inaoweza kuuziba, na iliyokosa mstari aiweke pembeni. Kisha amtumie adivaiza wa idara, si wa udahili, na aulize: kozi hii inaziba hitaji gani? Wa udahili kazi yake ni kukukaribisha na atakwambia zitapokelewa, na hatakuwa amedanganya. Pia apakue silabasi zake zote leo akiwa bado na akaunti ya mwanafunzi, maana ukishaondoka ile akaunti hufungwa na ukurasa wa kozi unapotea nao.

Mimi sasa hivi kemia ya pili inaendelea, mikrobiolojia ya mwaka wa tatu inafuata, na yule mwalimu wa biolojia aliyezipitisha anatomia zangu ndo atakayenifundisha.